Nusu kijiko kwa mtoto mchanga: vilivyomo kwenye dawa ya maji mbali na dawa yenyewe

Mama mmoja aliweka chupa ya dawa ya kikohozi kwenye kaunta na kuniuliza swali ambalo huwa nasikia nusu yake tu. "Dokta, hii nilimpa mkubwa wiki iliyopita ikamsaidia. Sasa mdogo naye anakohoa. Nikimpa nusu si itatosha?" Mkubwa ana miaka mitatu na kilo 14. Mdogo ana wiki tatu na kilo tatu na nusu, na wakati tunazungumza alikuwa amelala begani kwa mama.

Nilimwomba chupa tusome pamoja. Watu wengi husoma jina la dawa na kipimo, basi. Chini yake, kwa herufi ndogo, huwa kuna orodha ya viambato: vitu visivyotibu chochote lakini bila hivyo dawa isingeyeyuka, isingekaa miezi kabatini, wala mtoto asingekubali kuimeza. Kwenye chupa ile kulikuwa na sukari, ethanoli asilimia 5 na benzili alkoholi. Ethanoli ni alkoholi ileile ya kwenye pombe. Imewekwa pale kwa sababu dawa nyingine haziyeyuki kwenye maji matupu.

Tukapiga hesabu. Asilimia 5 maana yake kila mililita 100 za dawa zina mililita 5 za ethanoli. Kijiko cha mililita 5 alichopewa mkubwa kilikuwa na robo mililita, ambayo kwa uzito ni kama miligramu 200. Gawanya kwa kilo 14, unapata miligramu 14 kwa kila kilo. Kwa maelezo yanayotakiwa kuandikwa kwenye dawa za Ulaya, kiasi kilicho chini ya miligramu 15 kwa kilo kwa dozi moja hakitarajiwi kuleta athari inayoonekana. Kuanzia 15 mpaka 75, mtoto mdogo anaweza kusinzia. Kuanzia 75, maelezo yanasema wazi kwamba kuna uwezekano mkubwa wa mtoto kuathirika: usingizi, na kubadilika tabia.

Sasa mdogo. Nusu kijiko kina miligramu 100 hivi za ethanoli. Gawanya kwa kilo tatu na nusu: karibu miligramu 29 kwa kilo. Dozi imekatwa nusu, lakini alkoholi inayoingia kwa kila kilo ya mwili imekuwa mara mbili ya ile ya kaka yake. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nusu ni nyingi kuliko nzima." Sijawahi kupata njia bora ya kulieleza jambo hili.

Na hesabu hiyo bado inampendelea mtoto mchanga. Kimeng'enya cha ini kinachovunja ethanoli kinakuwa bado hafifu sana katika wiki za mwanzo, kwa hiyo dozi ya asubuhi inaweza kuwa haijaisha mwilini wakati ya mchana inaingia. Mtoto wa miaka mitatu akisinzia, utamwona. Wa wiki tatu hulala muda mwingi hata akiwa mzima, kwa hiyo ishara ya kuangalia ni kunyonya: anashindwa kuamka anyonye, anaachia ziwa mapema, mwili unakuwa legelege. Dalili hizohizo ndizo za mtoto mchanga mwenye maambukizi makali, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwamba dawa itauficha ugonjwa, au ugonjwa utadhaniwa ni dawa.

Kiambato cha pili, benzili alkoholi, kina historia yake. Huwekwa kama kihifadhi, kuzuia bakteria wasiote, na kwenye lebo nyingine huandikwa kwa namba tu, E1519. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani waliripoti vifo vya watoto njiti waliokuwa wodini. Damu yao ilijaa asidi, wakaanza kutweta, na baadhi wakapata degedege. Chanzo hakikuwa dawa yoyote ya kutibu. Mirija yao ya mishipani ilikuwa ikisafishwa mara nyingi kwa siku kwa maji ya chumvi yaliyowekewa benzili alkoholi asilimia 0.9. Kila safari ilikuwa kidogo. Jumla ya siku, kwa mtoto mwenye uzito mdogo namna ile, ilikuwa sumu.

Kwa mtu mzima mwili huigeuza benzili alkoholi kuwa asidi ya benzoiki, ini huifunga asidi hiyo na glisini, kijenzi kidogo cha protini, kisha inatoka na mkojo. Ini la mtoto mchanga, hasa njiti, haliwezi kufanya kazi hiyo ya kufunga kwa kasi inayotakiwa, na asidi inabaki kwenye damu. Ni kweli kwamba kwenye dawa za kunywa kiasi huwa kidogo kuliko kilichowapata watoto wale, na sitaki mzazi aliyewahi kutoa kijiko kimoja akose usingizi. Lakini mpaka uliowekwa ni huu: asipewe aliye chini ya wiki nne bila daktari kuagiza, na aliye chini ya miaka mitatu asipewe zaidi ya wiki moja bila ushauri.

Lipo jambo ambalo lazima niliseme hapa, kwa sababu nimewahi kuona hesabu kama hizi zikimfanya mzazi aache dawa ya muhimu. Baadhi ya dawa za maji za kifafa, kama fenobabitali, zina alkoholi, tena nyingi kuliko ya kikohozi. Dawa ya maji ya virusi vya ukimwi yenye lopinavir na ritonavir ina ethanoli asilimia 42 pamoja na propilini glaikoli, kiyeyushi kingine ambacho hugombania kimeng'enya kilekile cha ini. Ndiyo maana mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumike kwa njiti na kwa watoto ambao hawajatimiza siku 14. Mtoto aliyeanzishiwa dawa ya aina hii na daktari asikatishwe ghafla nyumbani. Kukatisha dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Uliza kama ipo aina isiyo na alkoholi, au kidonge cha kuyeyushwa, na endelea kutoa dawa mpaka ujibiwe.

Sukari ndiyo wazazi huniuliza zaidi, na mara nyingi ndiyo yenye uzito mdogo. Shira nzito ya kutengenezea dawa ina gramu 85 za sukari kwa mililita 100, yaani zaidi ya gramu 4 kwa kijiko. Kwa dawa ya siku tano, hilo lisikusumbue. Linasumbua dawa inapokuwa ya kila siku kwa miezi na inatolewa mtoto akienda kulala, kwa sababu usingizini mate hupungua na sukari inabaki kwenye meno. Mpe kabla ya kupiga mswaki. Na kwa mtoto wa kifafa aliyewekwa kwenye mlo wa kitojeniki, wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambako wanga huhesabiwa kwa gramu, vijiko vitatu kwa siku vinaweza kuvuruga mlo wote.

Yule mama hakununua chupa nyingine. Mtoto wa wiki tatu anayekohoa hapewi dawa ya kikohozi ya aina yoyote, anapelekwa akaonwe, na mama alimpeleka siku ileile. Ilikuwa pua imeziba. Alirudi na karatasi ya daktari imeandikwa matone ya maji ya chumvi, na kabla sijafungua kabati akaniambia, "Nisomee kwanza kama hayana kihifadhi."