Kufunga bei kwa mwaka mzima wakati dola inapanda na kushuka

Mkataba mama wa ununuzi ni makubaliano ya mwaka mmoja au zaidi yanayotaja bidhaa, bei na masharti, lakini siku ya kusaini hakuna kinachonunuliwa. Mahitaji yanapotokea, mnunuzi anatoa oda chini ya mkataba huo. Kufunga bei ni kumwomba muuzaji aahidi kwamba oda ya kwanza na ya mwisho zitakuwa kwa bei moja, dola ipande ishuke.

Kwa bidhaa inayotoka nje, ahadi hiyo haiiondoi hatari ya dola. Inaihamisha tu kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji, na muuzaji mwenye akili ataitoza.

Tuchukue kampuni ya utalii ya Njiro, Arusha, yenye landikruza 20. Barabara ya kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, hadi Naabi, Serengeti, inatafuna matairi, kwa hiyo kila gari linamaliza 12 kwa mwaka, jumla 240. Muuzaji wao yuko mtaa wa Unga Limited na anauza tairi moja kwa shilingi 600,000 kabla ya VAT, wakati dola moja ni shilingi 2,500. Hii ni mifano ya hesabu tu, lakini mgawanyo wake ndio wa kuangalia: tuseme 400,000 inafuata dola, na 200,000 ni gharama za hapa nyumbani, yaani lori la kutoka Dar, pango la stoo, mishahara, mafundi na faida yake ya 30,000. Kwenye zile 400,000 kuna ushuru wa forodha pia, kwa sababu thamani ya mzigo inageuzwa kwanza kuwa shilingi ndipo ushuru unakokotolewa. Shilingi ikidhoofika, ushuru nao unapanda.

Sasa dola ifike 2,700. Hilo ni ongezeko la asilimia 8, lakini linagusa zile 400,000 peke yake, kwa hiyo gharama inaongezeka 32,000 kwa tairi. Muuzaji akikuambia bei lazima ipande asilimia 8 nzima, anapandisha na mshahara wa fundi wake, ambao haulipwi kwa dola. Lakini mtazame na yeye: faida yake ilikuwa 30,000. Akishikilia bei ya zamani, kila tairi linamtoa 2,000 mfukoni.

Ndiyo maana ukimwomba afunge bei bila kingine chochote, atakubali kwa 640,000. Hiyo 40,000 ya ziada ni bima, na kwa matairi 240 inafika shilingi 9,600,000, unayoilipa hata kama dola haikusogea mwaka mzima. Inaweza hata kushuka. Mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,700 mwezi Oktoba, na kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Aliyefunga bei Oktoba alibaki kulipa kwa hesabu za dola ghali, na muuzaji hakuwa na sababu ya kumpigia simu.

Kwa kampuni ya utalii kuna jambo jingine linalosahaulika. Wageni wao wanalipa dola. Shilingi ikiimarika, kila dola wanayobadilisha inaleta shilingi pungufu, huku tairi likibaki kwa bei ileile ya shilingi. Wanaumia pande zote mbili. Kwa maoni yangu, anayepata mapato kwa dola ana sababu ndogo ya kununua bima hii kwa bei kubwa. Hospitali au shule ya Moshi inayokusanya shilingi tupu ina sababu kubwa zaidi.

Mtu anaweza kusema: basi tuandike bei kwa dola. Hapana. Kanuni zilizoanza kutumika 28 Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Bei na malipo vinabaki shilingi. Kinachowezekana kuzungumzwa ni kifungu cha marekebisho, ambamo kiwango cha dola ni kipimo tu, na kifungu hicho apitie mwanasheria kabla ya kusaini.

Kifungu chenyewe hakina uchawi. Mnaandika kiwango cha kuanzia, hapa 2,500, na wigo wa asilimia 5 juu na chini, yaani kati ya 2,375 na 2,625. Dola ikicheza humo, bei haiguswi. Ikitoka nje, kinachorekebishwa ni kile kilichozidi, tena kwenye sehemu inayofuata dola peke yake. Dola ikiwa 2,700:

```
600,000 + 400,000 × (2,700 − 2,625) ÷ 2,500 = 612,000
```

Ikishuka hadi 2,300, hesabu hiyohiyo, safari hii ukiweka 2,375 mahali pa 2,625, inatoa 588,000. Muuzaji anabeba mtikisiko mdogo, wewe unabeba sehemu ya ule mkubwa, na dola ikianguka nawe unapata chako. Kiwango kisiwe cha duka la fedha wala cha siku moja. Tumieni wastani wa mwezi uliopita wa viwango vya Benki Kuu, ambavyo kila mtu anaviona kwenye tovuti yao, na mpitie bei kila baada ya miezi mitatu. Oda ambayo tayari imetolewa ibaki na bei yake, la sivyo kila mzigo ulioko njiani utakuwa ugomvi.

Ugumu wa kweli uko kwenye idadi. Mkataba mama kwa kawaida haukulazimishi kununua hata tairi moja. Unamtaka mwenzako afunge bei, wewe umebaki huru. Kama hajui utachukua 40 au 240, hawezi kuagiza mzigo wako mapema wala kwenda benki kukubaliana leo bei ya dola atakazozihitaji baadaye. Kwa hiyo ombi lenye uzito linakuja na kitu mkononi: "Kaka, nakuhakikishia matairi 120 kwa miezi sita, na nalipa ndani ya siku 14. Nifungie hayo kwa 605,000. Yanayobaki tutumie wigo." Hapo anaweza kuagiza mara moja, akajua gharama yake, na hana haja ya ile 40,000 yote.

Bei iliyofungwa kwa kumbana mtu haivunjwi kwa barua. Utaanza kusikia mzigo bado uko bandarini, wakati mteja wa fedha taslimu anatoka dukani na tairi la saizi yako. Au utaletewa chapa nyingine "ileile tu, bosi". Au tairi lililokaa stoo miaka. Hilo la mwisho linaonekana ubavuni mwa tairi: baada ya herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho. 1822 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2022. Kwa hiyo ndani ya mkataba taja chapa, umri wa juu wa tairi siku ya kupokelewa, na siku za kufikisha mzigo tangu oda itolewe. Muuzaji akianza kuchelewa oda mbili mfululizo huku dola ikipanda, mwite mezani na hesabu ya zile 400,000 kabla ya kumwandikia barua ya onyo, kwa sababu magari yako bado yanahitaji matairi wiki ijayo.