"Edit:" haikuwekwa kwa ajili ya shukrani

Neno "Edit:" chini ya posti humjulisha msomaji kwamba maandishi yamebadilishwa baada ya kuwekwa, kisha hueleza kilichobadilika. Kinachonikera ni kwamba sasa kila nyongeza inaitwa hivyo, hata "Edit: asanteni kwa laiki", na anayeandika hivyo kwa utani anaambiwa ni mwongo.

Tuseme mtu ameandika kwamba kilo moja ya unga wa chapati itiwe vijiko vitatu vikubwa vya chumvi. Watu wanamjia juu: hizo hazitalika! Anarudi kimyakimya, anafuta vitatu, anaandika kimoja. Anayesoma jioni anaona maelezo yasiyo na kosa, na chini yake watu wanaogombana na hewa. Mstari mmoja tu, "Edit: nilikosea, niliandika vijiko vitatu", ungewalinda wote waliojibu mapema. Kazi ya alama hii ni hiyo. Mtandao wa Reddit huonyesha wenyewe kwamba komenti imehaririwa, ila ukirekebisha ndani ya dakika tatu za mwanzo alama haitokei. Na hata ikitokea, haisemi ni nini kilichoguswa. Hilo mwandishi lazima aliseme mwenyewe.

Shukrani ziliingia hapo baadaye. Mwaka 2010 Reddit ilianzisha Reddit Gold, uanachama wa kulipia, na baadaye watu wakaanza kununuliana hiyo "dhahabu" kama zawadi kwa komenti iliyowapendeza. Mtoaji aliweza kuficha jina, kwa hiyo aliyepewa alirudi kwenye komenti yake na kumshukuru asiyemjua: "Edit: Thanks for the gold, kind stranger!" Sentensi hiyo ikarudiwa mpaka ikachosha. Komenti ya mstari mmoja ikawa na aya nzima ya shukrani, kama hotuba ya mshindi jukwaani, na likafunguliwa hata jukwaa la r/awardspeechedits la kuzicheka hotuba hizo.

Utani ulizaliwa kwenye uchovu huo. Mtu anaandika komenti na shukrani zake kwa wakati uleule, kabla hata mtu mmoja hajaisoma: "Edit: sikutegemea laiki elfu tano!" Laiki ni mbili, na alama ya kuhaririwa haipo. Wengine hushusha mfululizo: Edit 2, simu imejaa ujumbe, Edit 3, mama ameiona, Edit 4, naombeni mahali pa kulala. Hakuna kilichobadilishwa, na kichekesho ndicho hicho.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mwongo, tazama hesabu ya laiki na uangalie kama alama ya kuhaririwa ipo. Na wewe mwenye furaha ya kweli, washukuru watu kwa komenti mpya chini ya posti yako, ili siku utakaporekebisha vijiko vya chumvi, tukiona "Edit:" tujue kuna cha kusoma upya.