Barua ya kutambulisha mwenye lupango mpya: si preavi, si kontra

Kila mara lupango inauzishwa hapa Lubumbashi, ikuwe Katuba ao Kampemba, ba lokatere banapata karatasi moja na mtaa muzima unaanza kusema "wamepewa preavi". Hapana. Tena kuko bale banasema ni "kontra mpya". Hapana vilevile. Nimesikia hiyo maneno mara mingi sana, njo maana naandika.

Barua ya kutambulisha ni karatasi yenye kuwaambia watu wenye kuikaa ndani ya nyumba mambo matatu tu: nyumba imeuzishwa, mwenye kununua ni fulani, kuanzia tarehe fulani luaye inalipwa kwake. Basi. Haifukuze mutu, haipandishe luaye, haiandike kontra upya.

Sasa kitu chenye kunikasirisha kabisa: nani anaisaini? Batu banawaza ni mwenye kununua, juu yeye njo bosi mpya. Anakuja na kopi ya akti ya vanti, anaonyesha haraka haraka kwenye mulango, anaacha namba ya telefone, anasema mwezi ukiisha mutanitumia pa simu. Na batu banatuma! Lakini wewe kontra yako ulifanya na nani? Na yule wa zamani. Yeye njo unamujua, yeye njo alisaini, yeye njo iko na garanti yako mu mikono. Kwa hiyo ni yeye wa kukuambia "kuanzia sasa usinilipe mimi, lipa huyu". Barua ya kweli ina saini ya mwenye kuuzisha, na vizuri zaidi kama bote wawili wamesaini. Barua yenye kutoka kwa mununuzi yeye peke yake ni mutu mwenye kujitambulisha mwenyewe.

Na hapa kuko sababu ya sheria, si adabu tu. Kwetu Kongo udongo ni wa Serikali, na sheria ya mashamba ya 1973 inasema haki ya mutu juu ya kiwanja inasimama kwa setifika ya konservatere. Akti ya vanti inaonyesha kama mumepatana, lakini mpaka setifika igeuzwe jina, kwenye vitabu vya konservatere lupango ingali ya yule wa kwanza. Kugeuza jina kunaweza kukawia, na katikati ya hiyo muda lokatere iko anajiuliza alipe nani. Saini ya mwenye kuuzisha njo inajaza hiyo shimo, juu hata kama setifika haijatoka, yule mwenye jina kwenye vitabu amekuagiza mwenyewe, tena kwa maandishi, ulipe mwingine. Kesho hawezi kurudi kukudai.

Bila hiyo saini unaweza kulipa mara mbili. Tunajua wote lupango moja inaweza kuuzishwa kwa batu wawili, tunajua pia ya mtoto mumoja wa marehemu kuuzisha nyumba ya baba na wandugu bengine hawana habari. Kila mununuzi anakuja na karatasi yake, kila mumoja anasema luaye ni yake.

Tuchukue mfano. Mama mumoja anapanga vyumba viwili Katuba, luaye dola 80, aliweka garanti ya miezi 3, ni kusema dola 240 (na sheria ya 2015 ya kupangisha nyumba za kuikaa haikubali garanti ipite hiyo miezi 3, hata kama komisionere anakuomba sita). Tarehe 5 ya mwezi wa tatu analipa mwenye nyumba kama kawaida, anapewa resi. Tarehe 10 nyumba inauzishwa. Tarehe 20 barua inafika, na mununuzi anamuomba luaye ya mwezi wa tatu. Halipe. Alilipa mutu mwenye alikuwa anamujua kama bayere, kwa nia nzuri, mbele ya kuambiwa kitu, na resi iko. Kama mununuzi anaona zile siku za mwisho wa mwezi ni zake, aende kuziuliza kwa mwenye kumuuzisha, ni hesabu yao wawili. Mama ataanza kumulipa yeye mwezi wa nne.

Halafu zile dola 240. Barua mingi inanyamaza kabisa juu ya garanti, na kwangu hiyo njo alama kubwa ya barua mubaya, kupita hata makosa ya kuandika. Mwenye kuuzisha anaenda zake Kolwezi ao Kinshasa na pesa mu mufuko, mwaka ujao mama anataka kutoka, bayere mpya anamwambia "mimi sikupokea garanti yako". Barua nzuri inasema wazi wazi: garanti ya dola 240 ya lokatere huyu imepitishwa kwa mwenye kununua, na huyu amekubali atairudisha yeye. Ikikosa hiyo, mama aandike barua yake fupi kwa bote wawili, aulize garanti iko wapi, achunge kopi. Aifanye sasa hivi wakati mwenye kuuzisha angali anapatikana pa telefone.

Juu ya kusaini sasa. Banakuletea kopi mbili, banasema saini hapa. Saini, hakuna mubaya, ila andika kwa mukono wako "nimepokea tarehe fulani". Si "nimekubali". Na angalia kama kuko ukurasa wa pili, juu humo ndani njo banafichaka luaye mpya ya dola 120. Hiyo si kutambulisha tena, ni kugeuza kontra, na kontra haigeuzwe na karatasi ya kuingizia mgeni.

Kontra ya zamani yenyewe inaendelea? Kanuni ya code civile yetu, ile ya contrats ya 1888, ni kama mununuzi hawezi kumutosha lokatere mwenye iko na kontra ya notere ao yenye tarehe yake ni ya hakika, isipokuwa kontra yenyewe iliacha hiyo mulango wazi. Tarehe ya hakika, si ile mulijiandikia kwenye meza tu. Njo maana kupitisha kontra kwa serivisi ya habita ya komini, wapige muhuri, si kupoteza franga. Mwenye kupanga kwa mudomo tu, barua ikifika, iko na sababu ya kuogopa kidogo, lakini hata yeye hatoshwe na barua hiyo. Akitaka kumutosha, mununuzi ataandika preavi, na preavi iko na muda wake.

Kwa hiyo kijana wa komisionere akikuletea karatasi na kusema "mama, preavi yenu hii", usigombane naye. Mwambie tu polepole: hapana baba, hii ni ya kutambulisha, na hapa chini naona saini moja tu, enda ulete na ya papa mwenye kuuzisha, na muongeze mustari wa garanti.