Tangazo la kuhama kutoka zamu za kudumu kwenda zamu za mzunguko: sababu na hesabu ambazo mfanyakazi anastahili kuziona

Mwajiri anayeendesha kazi saa 24 anapoamua kuziacha zamu za kudumu na kuwapokezanisha watu asubuhi, jioni na usiku, mara nyingi tangazo lake huwa na aya mbili: ya kwanza inasema mabadiliko yanafanyika "kwa ajili ya kuboresha ufanisi", na ya pili inataja tarehe ya kuanza. Tangazo la namna hiyo halimwambii mtu aliyezoea zamu ya usiku posho yake itapungua kiasi gani, wala halimwambii wa asubuhi ni lini ataanza kulala mchana. Katika makala hii tunachukua mfano wa kiwanda cha kusaga ngano nchini Tanzania, tuuandae kama ambavyo idara ya Rasilimali Watu ingepaswa kuuandaa, ili wafanyakazi na wasimamizi waone kilichomo nyuma ya ratiba.

Katika mfano wetu kinu hakisimami. Kuna zamu ya asubuhi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, ya jioni kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na ya usiku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Vikundi vitatu vimepangwa moja kwa moja, kila kimoja katika zamu yake, na kila mtu hufanya kazi siku tano kwa wiki, yaani saa 40. Kikundi cha nne ni cha kuziba nafasi za walio mapumzikoni. Wiki ina zamu 21; vikundi vitatu vikifanya tano tano vinamaliza 15, kwa hiyo sita zilizobaki zinamwangukia wa kuziba, ambaye anafikisha saa 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, hivyo kikundi kimoja tu ndicho kinachoingia saa za ziada kila wiki ya mwaka, huku wenzao wakibaki chini ya ukomo huo.

Hapo ndipo penye sababu ya kwanza ya kweli, na tangazo liitaje hivyo hivyo ilivyo. Mtu wa kuziba anarushwa kutoka zamu moja hadi nyingine bila mpangilio. Akitoka jioni saa 4 usiku na kuitwa kuziba asubuhi saa 12, amepata saa 8 tu za kwenda nyumbani, kula, kulala na kurudi, wakati sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mazingira yanayoruhusu kuyapunguza ni machache na yana masharti yake, na upungufu wa watu si mojawapo.

Sababu ya pili inahusu ujuzi. Kikundi cha usiku hukutana na mashine pale ambapo karakana imefungwa, stoo ya vipuri ina mlinzi peke yake, na fundi mkuu yuko nyumbani. Mafunzo ya mashine mpya hufanyika mchana, kwa hiyo anayefanya usiku miaka nenda miaka rudi hujifunza kwa kuambiwa na wenzake wakati wa kukabidhiana, tena kwa haraka, kwa sababu anayeondoka ana usingizi na anayeingia ana haraka. Dalili yake huonekana kwenye daftari la kukabidhiana zamu: hitilafu ileile ya chekecheke imeandikwa usiku tatu mfululizo, na zamu ya asubuhi haijaandika lolote, kwa kuwa inapofika tatizo limekwisha kuzungukwa na watu wa usiku kwa mbinu yao wenyewe.

Sababu ambayo tunashauri isiandikwe ni ile ya afya, angalau isiandikwe kwa ahadi. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo yanayodhaniwa kwa uzito mkubwa kuwa yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likaiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi hilohilo. Zamu za mzunguko haziuondoi usiku. Zinaugawa kwa watu wengi zaidi, na wapo watu waliokuwa na usingizi mzuri ambao sasa watauchezea. Wapo pia wafanyakazi wa usiku wanaoupenda usiku kwa sababu zao, kwa mfano mzazi anayewapeleka watoto shule asubuhi kisha akalala. Mwajiri akiwaambia hawa kwamba anawahurumia, watamcheka, na watakuwa na haki.

Sasa ratiba yenyewe. Vikundi vinne vinapewa mzunguko wa siku nane: siku mbili asubuhi, mbili jioni, mbili usiku, kisha mbili za mapumziko. Mwelekeo huo wa kusonga mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni na kutoka jioni kwenda usiku, haukuchaguliwa kwa bahati. Watu wengi huona ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema, na tena kila badiliko linampa mtu saa 24 za kupumua: anayemaliza asubuhi saa 8 mchana anaanza jioni saa 8 mchana ya kesho yake. Ukiugeuza mzunguko urudi nyuma, unarudi kwenye zile saa 8 kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Anayemaliza usiku wake wa pili saa 12 asubuhi anarejea kazini baada ya saa 48, ingawa mfanyakazi mwenye uzoefu atakukumbusha kwamba siku ya kwanza kati ya hizo mbili huishia kitandani.

Zamu sita ndani ya siku nane ni saa 48, na zikigawanywa kwa wiki zinatoa wastani wa saa 42. Lakini wiki ya kalenda ni siku saba, si nane, na hapo ndipo wapangaji wengi wa ratiba hukosea. Katika kila wiki nane, mfanyakazi atakuwa na wiki sita za zamu tano, na wiki mbili za zamu sita. Ikiwa muda wa chakula unahesabiwa kazini kwa sababu mashine haziwezi kuachwa, wiki hizo mbili zinafika saa 48, na saa tatu zinazovuka 45 lazima zilipwe kama saa za ziada, mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Si halali kumwambia mfanyakazi kwamba "zitafidiana na wiki nyepesi" kwa sababu tu wastani ni mzuri; kukokotoa saa kwa wastani kunahitaji makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi. Tangazo liseme pia, bila kificho, kwamba waliokuwa wakifanya saa 40 sasa wanapanda hadi wastani wa 42.

Jambo litakaloulizwa kwanza kwenye mkutano ni posho ya usiku. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya kipindi hicho inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Tumchukue mwendesha mashine ambaye kiwango chake ni shilingi 3,000 kwa saa, kwa hiyo nyongeza ni shilingi 150. Akiwa wa usiku wa kudumu alifanya saa 40 za usiku kila wiki, yaani saa 320 katika wiki nane, akapata shilingi 48,000. Kwenye mzunguko mpya, kila siku nane ana saa 16 za zamu mbili za usiku, na saa nne nyingine ambazo ofisi nyingi za malipo huzisahau: saa mbili za mwisho za kila zamu ya jioni, kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Hizo ni saa 20 kwa mzunguko, na kwa kuwa wiki nane zina mizunguko saba, jumla ni saa 140, sawa na shilingi 21,000. Amepoteza shilingi 27,000 katika wiki nane, na aliyekuwa wa asubuhi amepata 21,000 ambazo hakuwa nazo. Mwajiri anaweza kumlipa wa usiku fidia ya mpito kwa miezi michache, ingawa halazimiki. Asichoweza ni kumwacha aligundue pengo hilo kwenye karatasi ya mshahara.

Tangazo pia halitoshi peke yake. Sheria inamtaka mwajiri, pale jambo lililomo kwenye maelezo ya maandishi ya ajira linapobadilika, ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe maelezo hayo na kumjulisha kwa maandishi. Ikiwa mkataba wa mtu unataja waziwazi kwamba ameajiriwa kwa zamu ya asubuhi, karatasi ya ubaoni haiufuti. Azungumze na mwajiri, na wakishindwa kuelewana shauri linaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kadhalika, wapo wasioweza kupangiwa usiku: mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua, mama katika miezi miwili baada ya kujifungua, mtoto aliye chini ya miaka 18, na yeyote mwenye cheti cha daktari kuwa hafai kwa kazi ya usiku.

Baada ya hayo, kiini cha tangazo kinaweza kusomeka hivi:

"Yah: Kuanza kwa zamu za mzunguko. Kufuatia vikao na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, uongozi unawajulisha kuwa zamu za kudumu zitakoma wiki nne tangu tarehe ya tangazo hili. Sababu ni mbili: kikundi cha kuziba kimekuwa kikibeba saa za ziada na mapumziko mafupi peke yake, na kikundi cha usiku kimekosa mafunzo na huduma za karakana. Mabadiliko haya yatapunguza posho ya usiku kwa baadhi yenu na kuongeza saa za kazi kwa wengine. Hesabu ya kila kundi imeambatishwa. Mwenye cheti cha daktari, mjamzito, au mwenye pingamizi linalotokana na mkataba wake awasiliane na Rasilimali Watu kabla ya wiki ya pili kwisha."

Ratiba inayoambatishwa iwe ya wiki nane kamili, kwa maana ni baada ya siku 56 ndipo mzunguko hurudi kuanzia siku ileile ya wiki. Hapo kila mtu ataona mwenyewe Ijumaa na Jumapili zake: katika wiki nane, kila siku ya wiki inaangukia mapumziko mara mbili tu. Kwa aliyezoea kuwa huru kila Jumapili hilo ni zito kuliko posho, na ndiyo maana tunashauri kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa fomu inayosainiwa na wote wawili na msimamizi wa zamu, mradi hakuna anayebaki na chini ya saa 12 za mapumziko.

Siku ya kwanza ya mpito nayo inahitaji mpango. Waliokuwa asubuhi waanze na asubuhi zao mbili, wa jioni na jioni mbili, wa kuziba waanze na usiku, na wale wa usiku wa kudumu waanze na siku mbili za mapumziko. Posho ya usiku wao wa mwisho ihesabiwe kwa ratiba ya zamani.