Ng'ombe yuko wapi? Maswali yaliyoulizwa kuhusu utalii, uwanda wa Simanjiro na haki za wenye ardhi

Hivi karibuni niliwasilisha mada mjini Moshi kuhusu mvutano uliopo kati ya mapato ya utalii, makazi ya wanyamapori na haki za wananchi wanaoishi jirani na hifadhi. Waliohudhuria walikuwa wanafunzi wa usimamizi wa wanyamapori, waongoza watalii na wafugaji kadhaa waliosafiri kutoka Simanjiro. Nilipofungua nafasi ya maswali, mzee mmoja wa Kimaasai alisimama, akaomba slaidi ya tatu irudishwe ukutani, akaitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, hapa naona tembo, naona gari la watalii, naona na zahanati ya kijiji. Ng'ombe yuko wapi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko mada yangu yote. Ninalijibu hapa kwa utulivu, kwa kutumia eneo moja ambalo mzee huyo analifahamu vizuri, yaani uwanda wa Simanjiro ulioko mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire.

Hifadhi ya Tarangire, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ina sifa moja inayoeleza karibu migogoro yake yote: wanyama wake wengi hawaishi ndani yake mwaka mzima. Wakati wa kiangazi nyumbu na pundamilia hukusanyika kandokando ya Mto Tarangire kwa sababu maji mengine yamekauka. Mvua zinapoanza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, hutoka nje ya mpaka, wengine wakielekea kaskazini hadi nyanda zilizo karibu na Ziwa Natron, wengine wakielekea mashariki, Simanjiro. Hawatoki kwa kutafuta nafasi tu. Nyasi fupi za uwandani zina madini mengi zaidi, hasa fosforasi, ambayo nyumbu mwenye mimba au anayenyonyesha hawezi kuyapata ya kutosha katika nyasi ndefu za hifadhini wakati wa masika. Kwa hiyo ndama wengi wa nyumbu wa Tarangire huzaliwa kwenye ardhi ya vijiji, na hifadhi huwapokea baadaye.

Hapo ndipo kijana mmoja aliuliza: ikiwa uwanda ni muhimu kiasi hicho, kwa nini usichukuliwe tu ukawa hifadhi? Jibu langu ni kwamba uwanda huo umebaki uwanda kwa sababu ya wafugaji. Ng'ombe na nyumbu hula nyasi zilezile, na wote huhitaji ardhi iliyo wazi, isiyo na uzio wala matuta. Kinachoharibu makazi hayo ni trekta. Tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa na madogo ya mahindi na maharage yamekuwa yakipanuka Simanjiro, na idadi ya nyumbu wa mfumo huu wa ikolojia ilishuka kutoka makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka hiyo hadi elfu chache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ujangili ulichangia pia. Lakini njia iliyolimwa haifunguki kwa doria, hata askari wawe wengi namna gani.

Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kundi la kampuni za utalii ambayo mpaka leo nayaona kuwa mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote katika ukanda huu. Kijiji kilikubali kwamba eneo lake la uwandani, takribani hekta 9,300, halitalimwa, halitajengwa makazi ya kudumu na halitachomwa mkaa. Ufugaji uliruhusiwa kuendelea kama kawaida. Kampuni zilikubali kulipa kijiji takribani shilingi milioni 5 kwa mwaka, na vijana wa kijiji wakaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori wa kulinda makubaliano hayo.

Sasa tufanye hesabu ambayo mzee yule aliniomba niifanye ubaoni mbele ya watu wote. Milioni 5 ukiigawa kwa hekta 9,300 unapata kama shilingi 540 kwa hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo kila ekari ililipiwa kama shilingi 215 kwa mwaka mzima. Hata ekari iliyolimwa vibaya, ikatoa gunia moja tu la mahindi, ingeingiza fedha nyingi zaidi ya hizo mara nyingi. Ukumbi ulinong'ona, na kwa haki kabisa, maana kwa mizani ya fedha peke yake makubaliano hayo yalionekana kuwa ya kumnyonya mwanakijiji.

Kwa nini basi wanakijiji waliyakubali? Kwa sababu hawakuwa wanauza haki ya kulima. Uwanda ule kwao ni malisho ya masika, na mvua za Simanjiro ni chache na hazitabiriki kiasi kwamba mkulima wa pale hupata mavuno mazuri mwaka mmoja na kupoteza mbegu mwaka unaofuata. Hofu yao kubwa ilikuwa ardhi ya malisho kugawiwa kipande kwa kipande kwa watu wa nje wenye matrekta, na makubaliano yaliwapa sababu iliyoandikwa na iliyosainiwa ya kukataa. Shilingi milioni 5 zilikuwa nyongeza juu ya kitu walichokuwa wanakitaka tayari. Huyo ndiye ng'ombe aliyekosekana kwenye slaidi yangu. Nilikuwa nimechora mapato, makazi na haki kama pembe tatu zinazovutana, ilhali Terrat ufugaji ndio uliozishika zote tatu pamoja. Ufugaji ukiondolewa, malipo yaleyale yanakuwa madogo mno kuweza kuzuia jembe.

Hata hivyo mzee hakuridhika, na hakupaswa kuridhika. Alinikumbusha kuhusu ingati, ugonjwa wa ng'ombe ambao Wamaasai wameujua kwa vizazi vingi kabla ya maabara kuuthibitisha. Husababishwa na kirusi ambacho nyumbu huishi nacho bila kuugua. Ndama wa nyumbu katika miezi yao ya kwanza hukitoa kwa wingi kupitia makamasi na machozi, kikabaki kwenye nyasi, na ng'ombe akikipata huugua homa kali, macho hufunikwa na ukungu, pua hutoa ute mzito, na karibu kila mara hufa. Hakuna tiba. Kinga anayoitegemea mfugaji ni kuhamisha ng'ombe mbali na nyumbu wanaozaa, yaani kuanzia Februari hivi hadi ndama wakue. Hiyo ndiyo miezi ambayo nyasi za uwandani ni bora kuliko za mwaka mzima. Kwa maneno mengine, mfugaji humwachia nyumbu malisho yake bora wakati yana thamani kubwa zaidi, na kusogeza ng'ombe kwenye nyasi duni, zenye kupe wengi. Sijawahi kuona gharama hiyo ikiandikwa katika hesabu za mkataba wowote wa utalii, nami sikuwa nimeiandika kwenye mada yangu.

Gharama hiyo pia hailingani kwa kaya zote, na hapa naona kasoro kubwa zaidi ya mipango ya aina hii. Malipo huingia kwenye akaunti ya kijiji, hujenga darasa au kununua madawati, na hilo ni jema. Lakini aliyehamisha ng'ombe mia moja, aliyepoteza mbuzi kwa fisi, na asiye na mfugo hata mmoja, wote hupata darasa lilelile. Hata fedha ambazo Serikali hutoa kama kifuta jasho hazizibi pengo hili. Kanuni zake za mwaka 2011 zililipa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori kwa kiwango cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na ekari zisizozidi tano. Malisho yaliyoachwa kwa nyumbu hayakuwa na fungu lolote.

Mwongoza watalii mmoja kutoka Arusha aliuliza kama Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama ile ya Burunge au Randilen, hazijatatua jambo hilo. Zimetatua sehemu. Katika utaratibu huo ardhi hubaki kuwa ya vijiji, ila matumizi ya wanyamapori husimamiwa na jumuiya inayoundwa na vijiji kadhaa. Kanuni huitaka jumuiya ipeleke kwa vijiji wanachama angalau nusu ya mapato yake, angalau robo iimarishe jumuiya yenyewe, na angalau asilimia 15 irudi kwenye uhifadhi. Ni mapato makubwa kuliko yale ya Terrat pale penye hoteli nyingi. Lakini kabla ya fedha kufika kwenye jumuiya Serikali huchukua sehemu yake, na nusu ya kinachobaki hugawanywa kwa vijiji vyote, mara nyingi kwa mafungu sawa, hata kama hoteli zote ziko katika kijiji kimoja na hasara zote ziko katika kingine. Tena maeneo yanayotengwa kwa utalii wa picha mara nyingi huzuiwa mifugo, na uamuzi wa kujiunga ni rahisi kuliko wa kujitoa.

Kwa sababu hiyo, mwanakijiji anayeletewa pendekezo la namna hii anapaswa kuanza na kifungu cha malisho kabla ya kifungu cha fedha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa lazima yapite katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hiyohiyo inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa kikundi, si kwa mtu mmoja tu. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za aina hiyo mwaka 2011, na tangu hapo vijiji vya wafugaji vimekuwa vikiitumia kwa nyanda za malisho. Hati hiyo hailipi shilingi hata moja, lakini hubaki pale mwekezaji anapoondoka.

Mwanafunzi wa mwisho aliuliza namna ya kutambua kwamba makubaliano yameanza kuvunjika. Idadi ya magari ya watalii haisemi chochote, kwa kuwa magari hubaki kwenye njia zilezile hata uwanda ukiisha. Tazama kingo. Shamba la kwanza huonekana kando ya barabara au karibu na bwawa, likiwa na ekari mbili tatu na uzio wa miiba, na mwenyewe akisema ni la muda. Msimu unaofuata yanakuwa mashamba manne yaliyopangana, na njia ya nyumbu iliyokuwa pana kilomita kadhaa inakuwa ya kupenya. Mzee akaongeza kutoka kiti chake kwamba mchungaji huliona jambo hilo kabla ya mtafiti, kwa sababu siku hiyo ng'ombe wake ndio hulazimika kuzunguka.

Slaidi ya tatu nimeichora upya. Ng'ombe yupo katikati, na chini yake nimeandika miezi, kuanzia Februari hadi Mei.