Skrinshoti si pesa, jamani

Kila nikifungia watu hesabu hapa Malindi nasikia neno lile lile, "lakini alinitumia skrinshoti, jina la duka langu liko na namba ya muamala iko." Basi mzigo ushapanda boda. Hii ndo inanichosha kuliko zote, kwa sababu ile ni picha ya simu ya mteja, na wewe pesa yako haikai kwa simu ya mteja.

Chukua dada mmoja muuza madera. Mteja wa Watamu kaagiza ya 4,200, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, skrinshoti ikaja: tili yake, jina lake, kiasi sawa, tarehe 18. Akatuma mzigo. Jioni tukaitafuta ile namba kwa stetimenti ya tili na ikapatikana, dada akashusha pumzi, nikamwambia soma tarehe kwanza. Jumanne 14. Yalikuwa malipo ya oda ya kwanza, ishalipwa na ishapelekwa, mteja kabadilisha tarehe na saa tu kwa picha. Na namba yenyewe ilikuwa inasema, ilianza na TJE: T ni mwaka 2025, J mwezi wa kumi, E siku ya 14, maana siku 1 mpaka 9 ni tarakimu halafu 10 ndo A. Ila usiifanye hiyo hakimu, anayejua kuhariri tarehe anaweza kuhariri na herufi. Inaweza kumshika muongo lakini haiwezi kuthibitisha malipo.

Kwa hivyo nasema kila siku: chukua namba ya kwenye picha, itafute kwa rekodi YAKO, apu ya M-PESA for Business au stetimenti, ulinganishe namba, kiasi, tarehe na saa, na aliyelipa. Zikikubali zote, andika oda kando ya ile namba kwenye daftari. Namba moja, oda moja. Yule dada angekuwa na daftari hilo angeona TJE ishatumika kabla boda hajawasha pikipiki.

Eti "meseji iliingia kwangu mwenyewe." Imetoka kwa MPESA ama kwa namba ya mtu? Tena meseji ya uongo huandika salio jipya lakini haiongezi salio, angalia salio lako mwenyewe.

Eti "mtandao uko chini, itaingia baadaye." Sawa, basi na mzigo utatoka baadaye. Kama amelipa kwa laini yako ya kawaida ingia *334# uangalie, dakika moja tu.

Na wa benki: apu ya mteja ikisema maagizo yamepokelewa, hayo ni maagizo yake kwa benki yake. Akituma kwa EFT Ijumaa jioni hiyo pesa haifiki wikendi, inangoja siku ya kazi, na mpaka hapo bado anaweza kukosa salio ama kuyafuta. Ngoja uione kwa akaunti yako, tena upande wa salio unaloweza kutoa.