Zulia na vinili: hesabu za roli zinazowadanganya wengi

Vinili za dukani, zikiwemo zile ambazo Wakenya huziita mkeka wa mbao, huja kwa roli zenye upana wa mita 2, 3 au 4. Mazulia ya ukuta kwa ukuta mara nyingi ni ya mita 4. Upana huo haubadiliki. Unachochagua wewe ni urefu wa kukata tu, na makosa mengi ya kununua pungufu huanzia hapo.

Dhana: Zidisha urefu wa chumba kwa upana wake, gawanya kwa upana wa roli, basi

Tuchukue chumba cha mita 4.6 kwa 3.4 na roli ya mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 15.64. Ukigawanya kwa 2 unapata 7.82, kwa hiyo mtu ananunua mita 8 na kuamini amejiwekea akiba.

Fundi akifika, anakata pande la kwanza. Chumba kina mita 4.6, naye huongeza sentimita 5 kila mwisho ili pande lipande ukutani kidogo kisha likatwe kufuata ukuta, kwani kuta hazinyooki. Hiyo ni mita 4.7. Kwenye roli zinabaki mita 3.3, ilhali pande la pili nalo linahitaji 4.7. Pamepungua mita 1.4. Vipande vyembamba vilivyobaki pembeni mwa pande la pili havitoshi kuziba pengo hilo lote, na hata vikiunganishwa sakafu itajaa viraka.

Ukweli ni kwamba sakafu hufunikwa kwa mapande mazima, si kwa mita za mraba. Hesabu sahihi ina hatua mbili. Kwanza, tafuta mapande mangapi yatakaa kando kwa kando. Upana wa chumba ni 3.4, ongeza sentimita 5 kila upande upate 3.5. Mapande mawili ya mita 2, yakilaliana sentimita 3 kwenye maungio, yanatoa 3.97. Yanatosha. Pili, zidisha idadi ya mapande kwa urefu wa kila moja: 2 mara 4.7 ni mita 9.4.

Maduka mengine hutaja bei kwa mita ya mraba hata kama roli hukatwa kwa upana wake wote. Mita 9.4 za roli hii ni mita za mraba 18.8, na hizo ndizo utakazolipia, si 15.64. Ulizeni mapema bei ni ya mita ya urefu au ya mraba.

Dhana: Upande wowote ukilaza, gharama ni ileile

Chumba hichohicho, mapande yakielekea upande mfupi: sasa yanapaswa kuziba mita 4.6, kwa hiyo mawili hayatoshi, yanahitajika matatu. Kila moja lina mita 3.5, jumla 10.5. Umeongeza zaidi ya mita moja na maungio mawili badala ya moja. Pande la tatu litatumika sehemu ndogo tu ya upana wake.

Kwa hiyo piga hesabu kwa mielekeo yote miwili kabla ya kununua, kisha uliza kama muundo huohuo unapatikana kwa roli pana zaidi. Roli ya mita 4 ingefunika chumba hiki kwa pande moja la mita 4.7. Hizo pia ni mita za mraba 18.8, sawa kabisa na mapande mawili ya roli ya mita 2, ila hakuna maungio hata moja. Kama ngazi na mlango vinaruhusu roli hiyo kupita, hatuoni sababu ya kuchukua nyembamba.

Dhana: Ongeza asilimia 10 ya mabaki, utakuwa salama

Asilimia 10 juu ya 15.64 ni 17.2, bado pungufu ya 18.8. Mabaki hayafuati asilimia. Yanafuata jinsi upana wa chumba unavyokutana na upana wa roli. Chumba cha upana wa mita 3.8 hukaa vizuri kwenye mapande mawili ya mita 2. Kile cha mita 4.1 kinadai pande la tatu kwa ajili ya kijisehemu tu.

Dhana: Michoro itajipanga yenyewe

Geuza macho kwenye vinili yenye sura ya mbao na utafute fundo au kivuli fulani, kisha upime mpaka pale kinapojirudia. Tuseme ni mita 1. Pande la kwanza limekatwa 4.7. Ili michoro ya pande la pili ioane na ya jirani yake, ni lazima lianze pale mchoro unapoanza upya, yaani kwenye mita 5. Sentimita 30 zinatupwa. Jumla inakuwa 5 na 4.7, mita 9.7. Kwa upande mfupi, kila pande isipokuwa la mwisho linapanda kutoka 3.5 hadi 4, na jumla inafika 11.5. Roli ya mita 4 haiguswi na tatizo hili, kwani pande ni moja.

Dhana: Kipande kikipungua, kigeuze tu

Kwa zulia, hapana. Manyoya yake yamelala upande mmoja. Pande lililogeuzwa hupokea mwanga kwa namna nyingine, na chumba kinaonekana kama kina rangi mbili ingawa zulia limetoka kwenye roli moja. Pitisha kiganja: upande unaoteleza ndio manyoya yanakolala. Chora mshale kwa chaki mgongoni mwa kila pande kabla ya kukata, na mishale yote ielekee kumoja. Kwa vinili, fuata mishale iliyochapwa mgongoni.

Dhana: Maungio yakae pale roli inapoishia

Katika mfano wetu, pande la kwanza likianzia ukutani, maungio yanaangukia karibu mita 1.93 kutoka ukuta huo. Mlango ukiwa hapo, kila anayeingia atakanyaga mshono, nao utaanza kufumuka. Hapa ndipo ile ziada ya sentimita 47 ya upana inapofaa. Inakuwezesha kusogeza maungio popote kati ya mita 1.47 na 1.93. Ipunguze ziada upande wa ukutani, si upande wa maungio, la sivyo michoro haitaoana tena.

Vinili ikunjuliwe na ilale chumbani saa 24 kabla ya kukatwa, maana ikitoka kwenye roli ikiwa imevutika hujirudi baadaye, na mwanya hutokea kwenye maungio. Kisha laza pande moja juu ya jingine sentimita 3, michoro ikioana, weka rula ya chuma katikati na kata matabaka yote mawili kwa mkato mmoja, kwa wembe mpya uliosimama wima. Toa vijitepe viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, gundisha mapande sakafuni, kisha ziba mstari kwa gundi maalumu ya kuunganishia PVC. Wembe ukiinama, kingo moja itakuwa nyembamba juu ya nyingine, na hapo ndipo uchafu utakapokaa na kuuchora mshono kwa mstari mweusi.